Uso wa tenti, jua la Dunga: namna ya kupatanisha mng'ao wa paji na pua

Habari zenu wapiga picha wa Kisumu, na wale mmetoka Kakamega na Busia na matatu za asubuhi karibuni sana, kuna viti huku mbele msiogope. Nimeombwa niongee juu ya kubadilisha uso kwa picha, na nikaona hiyo ni pana, tukianza kuongelea shingo na nywele na kola tutalala hapa. Kwa hivyo nimeshika kitu moja tu, ule mng'ao wa paji la uso na pua. Hapo ndio kazi nyingi zinashikwa. Unapata mtu amekata uso poa, ukingo hauonekani, rangi imekaa, lakini ukiangalia picha unaona huyu mama mmoja katikati ya familia amemulikwa na taa yake peke yake, watu wengine wote wako kwa jua na yeye yuko kwa tochi.

Nitatumia kazi moja ya harusi kuanzia mwanzo hadi mwisho, ndio tusiruke ruke. Familia imesimama kule Dunga kando ya ziwa, kama saa kumi na moja jioni, jua limeshuka liko upande wa kushoto wa picha na si juu sana. Mama ya bwana harusi kwa fremu zote za pale anaangalia chini, kuna mtoto anamvuta nguo. Uso mzuri wa huyo mama, anacheka macho yako wazi, uko kwa picha ya mchana ndani ya tenti, na hiyo imepigwa na flashi iko juu ya kamera. Familia yenyewe ndio imeomba uso utolewe kwa tenti uletwe ziwani, na mama amekubali, hiyo muulize kila wakati kabla hamjafungua laptopu. Na kama angekuwa tu amefunga macho ningewaambia wekeni macho peke yake, muache paji na pua vile vilivyo, kazi inaisha dakika chache. Lakini hapa kichwa kimeinama, kwa hivyo uso wote unahama, kutoka nywele zinapoanza mpaka kidevu.

Sasa kabla ya kugusa chochote lazima tuelewe mwanga ukifika kwa ngozi unafanya nini, kwa sababu unafanya vitu viwili tofauti na watu wengi wanavichanganya. Sehemu moja ya mwanga inaingia ndani ya ngozi, inazunguka huko, inapita kwa damu na melanini, halafu inatoka nje ikiwa imebeba rangi ya huyo mtu. Hiyo ndio tunaona kama rangi ya ngozi. Sehemu ingine haiingii kabisa, inagonga juu kwa ule utando wa mafuta na inaruka papo hapo, kama jua kwa bati jipya, na hiyo haijui rangi ya mtu, inabaki na rangi ya taa iliyotoka. Ikikugonga moja kwa moja inayoruka ni kidogo tu, kama asilimia 3 au 4 hivi, lakini kwa vile inaruka ikiwa imeelekea upande mmoja inaonekana kali sana.

Na hapa kuna jambo linatuhusu sisi huku kuliko wale wanaandika mafunzo mengi ya mtandao. Hiyo asilimia inayoruka juu ni karibu sawa kwa kila binadamu, awe mweusi ama mweupe, kwa sababu mafuta ni mafuta. Lakini ile inayotoka ndani ni kidogo zaidi kwa ngozi nyeusi. Kwa hivyo kwa ngozi zetu tofauti kati ya mng'ao na rangi yenyewe ni kubwa, na macho ya mtazamaji yanatumia huo mng'ao kusoma umbo la uso. Kwa ngozi nyeupe sana ukikosea mng'ao kidogo unaweza ukapita bila kushikwa. Kwa huyu mama wetu haupiti, mng'ao wake ndio unaonyesha paji ni la mviringo na pua inaelekea wapi.

Haya, tusome picha ya ziwani kwanza. Swali la kwanza ni doa la mwanga linafaa kukaa wapi. Doa halikai mahali ngozi inaangalia jua, na wala halikai mahali inaangalia kamera, linakaa katikati, mahali ngozi inaangalia nusu ya njia kati ya jua na kamera. Kwa hii picha jua liko kama digrii 60 kushoto na digrii 20 juu ya upeo, basi doa kuu litakuwa kwa ngozi imegeuka kama digrii 30 kushoto na imeinuka kidogo, kama 10. Kwa paji hapo ni juu ya unyusi wa kushoto wa picha, kati ya mstari wa katikati na panja la pembeni, si pale katikati. Kwa pua ni mstari mwembamba upande wa kushoto wa mgongo wa pua na tone dogo kwa ncha, nalo limesogea kushoto. Upande wa kulia hakuna jua kabisa, lakini usiache ukiwa umekufa, huko mbingu inaangaza na inaacha mng'ao mpana, hafifu, una ubluu kidogo.

Usiniamini mimi wala hesabu, angalia majirani. Kwa picha ya kikundi umepewa zawadi, kuna nyuso kumi zingine zimesimama kwa jua lile lile. Lakini chagua jirani vizuri. Bibi harusi usimguse, ako na poda na mekapu na ngozi yake inafanya mambo yake. Hapa nilimchukua dada ya mama, ngozi inafanana, umri unakaribiana, hana poda, na kichwa chake kimeelekea karibu vile tunataka uso mpya uelekee. Hiyo ya kuelekea ni muhimu sana, mtu akigeuka hata digrii 15 doa linahama, na ukinakili doa la mtu ameangalia pembeni utaliweka mahali pabaya na hutajua kwa nini inakaa vibaya. Na huyo mama mwenyewe si bado yuko kwa ile fremu ameinama? Paji lake linaonekana. Mahali pa doa hapo hapawezi kukusaidia lakini linakuambia jioni hiyo alikuwa na mafuta kiasi gani kwa ngozi, hiyo kitu hakuna jirani anaweza kukuambia.

Kitu ingine watu wa ziwa mnasahau, maji. Familia ikiwa imeangalia ziwa na jua liko chini, maji yanarusha mwanga kutoka chini na unapata mng'ao mdogo chini ya ncha ya pua na kwa kidevu, mahali ambapo kwa uwanja wa shule haungekuwepo. Angalia kama majirani wanao. Hapa walikuwa nao kidogo.

Sasa kutoa mng'ao wa zamani. Flashi iliyo juu ya kamera inatoka karibu mahali kamera iko, kwa hivyo madoa yake yanakaa kwa ngozi inayoangalia kamera moja kwa moja, katikati ya paji, kwa ncha ya pua, juu ya mashavu, pande zote sawa sawa. Yote hayo yako mahali pabaya kwa picha ya jua la pembeni. Lakini kuna uzuri pia, flashi ya mbele haiachi vivuli vikubwa, uso uko bapa, na uso bapa unakubali mwanga mpya kwa urahisi. Ningependelea uso wa flashi yenye inachosha namna hii kuliko uso umepigwa na dirisha la upande wa kulia, huo ungekuwa na kivuli cha pua kinaenda kushoto na hapo huna la kufanya.

Watu wengi wakitaka kutoa doa wanachukua brashi ya kufifisha, ile ya Burn, wanapaka juu ya doa mpaka lishuke. Na inashuka kweli, lakini inakuwa rangi ya majivu, mama anaonekana ni kama amepakwa vumbi kwa paji. Sababu ni ile tumesema, doa ni rangi ya ngozi imeongezewa nyeupe ya flashi juu. Ukishusha mwangaza peke yake unashusha zote mbili pamoja na ile nyeupe bado iko ndani, ni vile tu imekuwa nyeupe ya giza, yaani kijivu. Kwa ngozi nyeusi hiyo kijivu inaonekana kutoka mbali. Kwa hivyo unahitaji kushusha mwangaza na pia kurudisha rangi.

Mimi nafanya hivi. Leya mpya tupu juu ya uso, naiweka hiyo leya kwa Mode ya Darken, nachukua Clone Stamp, Sample iwe Current & Below ndio ione ngozi iliyo chini, opasiti ya chini kama asilimia 20, nachukua ngozi ya karibu na doa, si mbali, halafu naingia polepole kutoka kando nikielekea katikati. Darken inagusa tu pikseli zenye zinang'aa kuliko ile nimechukua, kwa hivyo ule weusi mdogo wa vinyweleo na mikunjo unabaki. Wenye wanatumia GIMP, kuna kitu hiyo hiyo inaitwa Darken only, na ile Sample huko ni Sample merged. Ikifika karibu na ngozi ya kawaida, naweka leya ingine juu kwa Mode ya Color na napaka rangi ya ngozi ya pembeni kwa opasiti ndogo mpaka kijivu iishe. Usitafute ukamilifu hapa, doa la zamani likibaki asilimia kumi hivi haliumizi mtu, ngozi ambayo haina mng'ao hata kidogo inakaa plastiki.

Na kama doa limechomeka kabisa? Peleka mshale juu yake uangalie Info, ikisoma 255 kwa rangi zote tatu hapo hakuna kitu ya kurudisha, hakuna kinyweleo, hakuna rangi. Rudi kwa RAW ushushe Highlights uone, mara nyingi flashi ya harusi kwa RAW bado ina kitu. Kama ulipiga JPEG peke yake itabidi ukate kipande cha ngozi kutoka sehemu ingine ya paji la huyo huyo mama ukiweke hapo, na kwa pua hiyo ni ngumu sana, ngozi ya pua ina vinyweleo vikubwa na ya paji haifanani nayo.

Baada ya hapo unapatanisha mwangaza wa jumla na rangi ya uso na ile ya shingo yake ya ziwani, na upande wa kulia unaufifisha kwa Curves na maski laini. Hiyo mnajua, sitakaa hapo. Ninachosema ni kwamba ifanyike kabla ya kupaka mng'ao mpya, na upime kwa ngozi ya kati ambayo haing'ai. Ukipatanisha mwangaza ukiangalia mahali panang'aa utadanganywa na utaupatia uso wote rangi ya jua hata upande wa kivuli.

Sasa tunakuja kwa rangi ya mng'ao mpya na naomba mnisikize hapa. Nyeupe tupu haifai, jua la saa kumi na moja si nyeupe. Na wengine wanajua hivyo, wanachukua rangi moja kwa moja kutoka kwa doa la jirani na kuipaka, hiyo pia si sawa, doa la jirani lina ngozi yake ndani, ukiipaka juu ya mama umempaka ngozi ya mtu mwingine mara ya pili. Unataka mwanga peke yake, ngozi imetolewa. Basi chukua vipimo viwili kwa dada ya mama, kimoja kwa paji mahali hapang'ai na kingine kwa doa lenyewe mahali halijachomeka, na uweke kidude cha kuchukua rangi kisome wastani wa pikseli 5 kwa 5 maana pikseli moja inaweza kuwa punje tu ya nukta nukta za kamera. Hapa nilipata ngozi 112, 74, 56 na doa 190, 158, 136.

Ukitoa hivyo hivyo kwa kalkuleta unapata 78, 84, 80. Angalia hiyo namba, hiyo ni kijivu yenye ukijani kidogo, na sote tulikuwa pale tunajua jua lilikuwa la dhahabu. Shida ni kwamba namba za picha si kipimo cha mwanga wenyewe, zimekunjwa ili zikae vizuri kwa skrini, na huwezi kutoa mwanga kwa mwanga ukitumia namba zimekunjwa. Unazikunjua kwanza, unatoa, halafu unazikunja tena. Kwa karibu, kukunjua ni kupandisha kwa kipeo cha 2.2. Mwenye ako na Python kwa laptopu ni mistari michache:

```python
import numpy as np
ngozi = np.array([112, 74, 56]) / 255
doa = np.array([190, 158, 136]) / 255
taa = doa**2.2 - ngozi**2.2
print(np.round(255 * (taa / taa.max())**(1/2.2)))
```

Inatoa 255, 229, 202, na hapo sasa hiyo ni jua la jioni, ya krimu yenye kuelekea chungwa. Hiyo ndio rangi ya kuweka kwa brashi. Usipotaka kompyuta ikuhesabie unaweza kupata kitu karibu na hiyo kwa kuangalia kitu cheupe cha picha upande wa jua, kola ya shati ya bwana harusi kwa mfano, mradi haijachomeka na haishiki rangi ya nguo ya jirani. Lakini upande wa kivuli usitumie rangi hii, ule mng'ao wa mbingu chukua kutoka kola ile ile upande wa pili.

Kupaka sasa. Leya mpya, Mode ya Linear Dodge kwa Photoshop ama Addition kwa GIMP, kwa sababu mng'ao ni mwanga unaongezwa juu ya ngozi, haufuniki ngozi. Screen pia inafanya kazi na ni pole zaidi, kama wewe mkono wako ni mzito anza na hiyo. Brashi laini, Flow asilimia 3 hadi 5, unajenga polepole.

Paji na pua usivipake kwa brashi moja. Paji ni kama bapa, na juu ya kitu bapa doa linatanuka, pua imepinda sana kwa hivyo jua lile lile linakuwa tone. Kwa huyu mama doa la paji lilikuwa pana kama unyusi wake na limelala mshazari, linaisha taratibu upande wa juu lakini chini kwa ukingo wa mfupa wa unyusi linakatika haraka. Na likipita kwa mikunjo ya paji linavunjika, kila mkunjo una mgongo unaong'aa na bonde lisilong'aa, ukipitisha brashi moja kwa moja juu ya mikunjo umemfuta mama miaka yake na watoto wake wataona kabla ya wewe kuona. Kwa pua ni mstari, si bendera. Nimeona kazi nyingi mtu amepaka mstari mweupe mnene kutoka katikati ya macho mpaka chini, hiyo ni mekapu. Mng'ao wa kweli unaanza chini ya daraja la pua, unakuwa hafifu katikati, unarudi kwa nguvu kwa ncha.

Sasa mafuta. Hii ndio inaamua ukingo wa doa uwe mkali ama laini, na paji na pua ndio sehemu zenye tezi nyingi za mafuta usoni kwa hivyo tofauti kati ya saa saba mchana na saa kumi na moja jioni inaonekana hapo kwanza. Ngozi kavu ama ya poda ina uso wenye mikwaruzo midogo, mwanga unaruka kila upande, doa linakuwa pana na hafifu. Ngozi imepakwa mafuta, tuseme mtoto amepakwa Arimis asubuhi akaletwa harusini, mafuta yanajaza ile mikwaruzo na uso unakuwa laini, doa linakuwa dogo, kali, na ukingo wake unaonekana. Mwanga ni ule ule, umekusanywa tu. Kwa hivyo ukitaka mtu aonekane ana mafuta zaidi usipandishe mng'ao peke yake, uupunguze upana pia. Ukipandisha bila kupunguza upana unapata mtu anatoa mwanga mwenyewe. Jasho nalo ni kitu kingine, linakuja kwa matone, na kila tone lina doa lake dogo kali, hasa juu ya mdomo na kwa mwanzo wa nywele. Kama majirani wana matone na mama wako hana, anaonekana ni kama ametoka kwa chumba cha AC. Hapa ziwani kulikuwa na upepo, jasho lilikuwa limekauka, lakini mafuta yalikuwa mengi kuliko ya tenti maana siku ilikuwa imeenda. Kwa hivyo doa la mama nililifanya dogo kidogo na kali kuliko lile flashi ilikuwa imeacha.

Ukimaliza kupaka utaona mng'ao umekaa juu ya uso kama ukungu, hauko kwa ngozi. Hiyo ni kwa sababu brashi haijui vinyweleo. Kwa ngozi ya kweli mafuta yanang'aa kwa vilima vidogo na mashimo ya vinyweleo yanabaki giza. Kwa Photoshop fungua Blending Options za hiyo leya, tafuta Blend If, na kwa mstari wa Underlying Layer vuta kidude cheusi kuelekea kulia, halafu shika Alt ukigawanye mara mbili ndio mpito uwe laini. Mng'ao unaondoka kwa pikseli za giza, yaani vinyweleo na mikunjo, unabaki kwa vilima. Unavuta mpaka unaona vinyweleo vimerudi na unasimama. GIMP haina hiyo, kule unatengeneza maski ya leya kutoka nakala ya uso yenye umeipitisha High Pass na ukaongeza kontrasti, inachukua muda zaidi lakini matokeo ni yale yale. Na mwisho ongeza punje kidogo kwa hiyo leya zifanane na za picha ya ziwani. Kama picha ya ziwani iko laini kidogo, kikundi kikubwa na lenzi imefunguliwa, basi mng'ao nao ulainishwe, hauwezi kuwa ndio kitu chenye makali kuliko vyote kwa picha.

Macho pia msisahau, flashi imeacha nukta nyeupe katikati ya mboni zote mbili na hiyo inasema flashi kwa sauti. Ifute, weka nukta ndogo ya krimu juu kushoto kama ya dada yake.

Kujua kama imekubali, msikae mkiiangalia kwa asilimia 200, huko kila kitu kinaonekana sawa ama kila kitu kinaonekana kibaya. Rudisha picha iwe ndogo saizi ya simu, igeuze kushoto kulia, na angalia nyuso zote kwa mara moja, ni nani anakuita kwanza. Halafu weka Curves juu ya kila kitu yenye imepinda pinda kama nyoka, inapanda inashuka inapanda, picha inakuwa ya rangi za ajabu lakini mabaka ya paji yanajitokeza, utaona mahali ulikuwa umetoa doa la flashi kama kisiwa. Ukiona kisiwa rudi kwa ile leya ya Color. Na ukiifanya picha nyeusi na nyeupe halafu doa la mama likawa ndio nyeupe kuliko ya majirani wote, punguza opasiti, hakuna sababu yeye apate jua zaidi ya wengine.

Kulikuwa na swali pale nyuma, ndugu wa kamera ya simu. Ameuliza kama uso umetoka kwa simu na picha kubwa imetoka kwa kamera inakuwaje. Simu nyingi zinashusha mwanga mkali zenyewe kabla hujaona, na kama ile ya kurembesha imewashwa imelainisha ngozi pia, kwa hivyo unapata doa pana, bapa, halina kilele katikati. Doa la kamera linapanda mpaka kilele. Uzuri ni kwamba doa bapa la simu ni rahisi kutoa, shida ni vinyweleo havipo, na bila vinyweleo Blend If haina kitu ya kushika. Hapo unaazima vinyweleo kutoka picha ingine ya mtu huyo huyo, na kama haipo ningemwambia mteja ukweli kwamba kwa simu itapita lakini akitaka ya kuweka kwa fremu ukutani haitapita.

Na dada wa Kakamega ameuliza, je ukishafanya yote haya mng'ao umekaa sawa kabisa na bado uso unakataa? Angalia kivuli cha pua. Mng'ao unasema jua liko kushoto, basi kivuli cha pua lazima kilale kulia kwa shavu, na kama uso ulikuja na kivuli kimelala kushoto hakuna brashi ya kukutoa hapo, utakipaka na kukifuta mpaka usiku. Tafuta fremu ingine. Na mkiwa bado kwa kazi, kikundi kikisha pigwa, waambie wasitoke, piga fremu za ziada pale pale kwa mwanga ule ule ukiwaita mmoja mmoja waangalie lenzi. Tishu ya kupangusa paji iwe mfukoni. Kwa hiyo kazi ya Dunga, fremu mbili zaidi za mama akiwa amesimama pale pale na haya yote tumeongea leo hayangehitajika.